Kila nikiandika barua ya kuwaaga mabosi wangu inasomeka kama naomba msamaha

Anti shikamoo, pole na kazi. Mimi ni dada wa kazi, nna miaka 27, nimekaa kwenye nyumba moja Tabata hapa Dar miaka 6. Mwisho wa mwezi huu naondoka narudi kwetu Singida, nimejiwekea hela nimenunua cherehani mbili nataka kufungua kibanda cha kushona. Mabosi wanajua, tumeongea vizuri tu. Sasa nataka niwaachie barua ya kuwashukuru maana kwa mdomo ntalia najijua. Ya kwanza nikamuonesha shoga yangu wa nyumba ya jirani akaniambia hii kama ya mtu anaomba asifukuzwe, ikaniuma. Nikaandika nyingine nikatoa yote ya kunyenyekea, ikabaki kavu kama risiti. Na wale watu wema wao naujua, mama ana mdomo ndio, ila kuna mambo walinifanyia sitayasahau. Nimekutumia picha ya zote mbili. Niandike vipi washukuriwe kweli na mimi nibaki mtu?

Dada wa Tabata

Marahaba mdogo wangu. Picha zimefika, nimesoma zote mbili, na ile ya kwanza nilipoimaliza niliiweka simu pembeni kwanza maana niliwahi kuandika kama ile. Mimi nimefanya kazi za ndani miaka 9 kabla sijaanza hizi safu, na siku naondoka nyumba yangu ya mwisho niliacha karatasi ya daftari mezani, imejaa nisameheni juu mpaka chini. Baada ya wiki mbili hivi mlinzi akanipigia akaniambia bosi aliisoma mbele ya wageni sebuleni, akawaambia si mnaona, mwenyewe amekiri, na tangu siku hiyo kila kitu kilichowahi kupotea mle ndani kikapata mwizi. Sijawahi kuchukua hata kijiko mle. Lakini nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu "makosa yote niliyowafanyia", na aliyesoma akayajaza hayo makosa anavyotaka yeye.

Kwahiyo tuanzie hapo. Barua yako ya kwanza inafungua na "naomba mnisamehe kwa yote niliyowakosea kwa miaka yote 6", halafu chini yake msamaha unarudi mara tatu tena. Kuombana radhi watu wakiagana ni desturi yetu na sikuambii uiache, nyumba nyingi mtu akisafiri mbali bila kufanya hivyo anaonekana ameondoka na kinyongo. Ila angalia jinsi wazee wanavyofanya, anayeondoka anaomba na wanaobaki wanaomba, ndio maana tunasema kuwiana radhi, ni neno la kwenda na kurudi. Kwako limeenda tu, halijarudi. Andika hivi, "mimi nimewawia radhi, na nyie mniwie radhi". Umeanza wewe kutoa, na anayetoa radhi ni mtu ambaye na yeye aliwahi kukosewa, kwahiyo ule mdomo wa mama umeshaugusa bila kuutaja, na hakuna wa kukasirika maana ni maneno wanayoagana nayo watu wazima wote. Alafu yapeleke mwisho kabisa wa barua, yakikaa mwanzo kila kinachofuata kinasomwa kama ungamo.

Kuna kosa moja umelitaja mwenyewe, ile siku ulipitiwa ukachelewa kumchukua mkubwa shule mpaka saa kumi na moja. Kama bado linakuuma litaje hilo hilo, kwa sentensi moja, basi. Kosa lililotajwa lina mipaka yake, mtu akisoma anajua unaongelea siku ile sio siku zote. "Makosa yote" ndio haina mpaka.

Sasa njoo kwenye mstari wako ambao shoga yako nadhani ndio uliomkera, "mlinichukua sina kitu mkanilisha mkanivisha mkanilea kama mtoto wenu". Chukua kalamu upigie mstari kila kitendo kwenye ile barua uangalie nani kakifanya. Walichukua, walilisha, walivisha, walilea, walivumilia, walisaidia. Wewe kwenye miaka 6 hujafanya kitu hata kimoja isipokuwa kukosea! Na hicho chakula walichokulisha kilipikwa na nani mdogo wangu? Unyonge hauko kwenye maneno ya heshima kama watu wanavyodhani, uko hapo kwenye nani ametenda na nani ametendewa tu. Ndio maana hata ukifuta kila "tafadhali" na kila "mheshimiwa" barua bado inapiga magoti.

Kinyume chake, kwenye ile ya pili umefuta shikamoo, na hilo umekosea. Shikamoo ni ya umri, ungempa hata muuza mchicha kama kakuzidi, haina uhusiano na nani anamlipa nani, na ukiiondoa siku ya mwisho mama atajiuliza kakukosea nini. Irudishe. Cha kufuta ni "naomba ruhusa yenu niondoke". Wewe huombi ruhusa, umeshawapa taarifa na tarehe mnaijua wote, wewe unaaga. Andika "nawaaga".

Kuhusu kushukuru vitu gani, mimi natumia swali moja. Hili jambo kama wasingelifanya, ningekuwa na haki ya kulalamika? Mshahara wa kila mwezi wasingekulipa ungelalamika, chakula wakati unalala hapo hapo kazini ungelalamika, likizo pia. Hayo ni malipo ya kazi yako, hayaingii kwenye shukrani, ukiyaingiza unawaambia kwamba haki yako ilikuwa fadhila yao, na dada atakayekuja baada yako ataikuta hiyo fikra imeshakaa ndani ya ile nyumba. Ila kuna mambo wasingeyafanya na usingekuwa na neno la kusema. Umeyaandika kwenye barua ya kwanza, yamejificha katikati huko, alafu kwenye ya pili ukayafuta yote ndio maana ikakauka. Mama yako mzazi alipofariki, baba wa hiyo nyumba aliamka saa nane za usiku akakupeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, akakaa na wewe mpaka basi likatoka. Hakuna mkataba unaosema hivyo. Na mama, kwa mwaka mzima kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana alikuacha uende kwa fundi kujifunza cherehani, na chakula cha jioni akawa anapika yeye. Yule mwenye mdomo. Hapo hakutoa hela, alitoa jioni zake, na wewe unajua mtu aliyeshinda kazini wiki nzima jioni ya Jumamosi ina thamani gani kwake.

Hayo mawili yanatosha. Usitafute la tatu. Ila yaandike fulu, na saa yake na siku yake na kilichotokea, kwasababu "asanteni kwa kila kitu" hata mgeni wa siku mbili anaandika, lakini saa nane za usiku stendi ya Mbezi ni wewe tu na baba mnaoijua. Na hapa usiogope kushukuru kwa moyo wote. Shukrani ya jambo ambalo mtu hakulazimika kulifanya haimshushi anayeitoa hata kidogo, inaonesha ulikuwa unaona.

Kuna hilo la "kama mtoto wenu" nalo nataka tuliongee maana wadada wengi linawachanganya. Mnaambiwa wewe ni familia, na pengine wanamaanisha, lakini mara nyingi undugu huo unatajwa siku ya kuomba uongeze masaa na unasahaulika siku ya kupiga picha ya sikukuu. Sisemi kwenu ni hivyo, siwajui. Nachosema usijiite mtoto wao kwenye barua. Mtoto hapokei mshahara na mtoto haagi kazi, ukijiita hivyo unakuwa umefuta kazi yako mwenyewe, miaka 6 inageuka kuwa miaka 6 ya kufugwa. Na wala usiwaandikie kwamba wao sio ndugu zako, hiyo ni kumrushia mtu jiwe mlangoni. Sema tu ukweli wa kilichokuwepo, "nimefanya kazi kwenu miaka 6 na tumeishi vizuri". Maneno yote mawili yamo, kazi na kuishi.

Kinachokosekana kwenye barua zote mbili ni wewe ulifanya nini. Nimesoma mpaka mgongo wa karatasi. Mtoto mdogo ulimpokea ana miezi 3 sa hivi anaingia shule, umeandika tu "nitammisi". Mdogo wangu yule mtoto hatua yake ya kwanza aliianza mbele yako jikoni, umesema mwenyewe. Liweke hilo. Sio kujisifu, hujasema wewe ni bora kuliko mama yake, umesema ulikuwepo na unajivunia. Neno "najivunia" liwemo mara moja, najua litakuwa gumu kuandika, mimi lilinishinda.

Alafu unajua vitu ambavyo ukiondoka vinaondoka na wewe. Kwamba mdogo dawa ya maji anaitema ila ukimpa kidogo kidogo na kijiko huku amekaa anameza. Kwamba mtungi wa gesi unaunganishwa vipi usivuje na unauangaliaje kwa povu la sabuni kila ukibadilisha, mapovu yakitokea kwenye kiungio funga. Kwamba mkubwa siku ana mtihani hali asubuhi, umfungie mkate. Kwamba muuza maziwa anadai hela ya wiki ngapi. Viandike kwenye karatasi nyingine, ukurasa mmoja, umpe mama mkononi siku mbili tatu kabla ili mvipitie pamoja akiwa na maswali. Kwenye barua itaje tu kwa mstari mmoja. Hiyo karatasi itamuonesha mama ulichokuwa unabeba kichwani kuliko sifa yoyote ambayo ungejiandikia, na dada mpya hataanzia gizani.

Kabla ya yote hayo lakini malizaneni mambo ya hela. Hujaniambia kama ulitoa taarifa kwa maandishi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 anayelipwa kwa mwezi anatoa taarifa ya siku 28 na iwe ya maandishi, kwahiyo kama mliongea kwa mdomo tu andika ile barua rasmi ya shule ya msingi, yenye anwani na "Yah", mistari minne, tarehe ya mwisho ya kazi, saini, ubaki na picha yake kwenye simu. Hiyo ndio barua ya kuacha kazi na haina asante nyingi. Hii ya shukrani ni nyingine kabisa, usizichanganye. Ukiondoka unatakiwa ulipwe siku zote ulizofanya kazi, na likizo uliyostahili kama hujaichukua, na uombe hati ya utumishi, karatasi inayoonesha ulifanya kazi kuanzia lini mpaka lini na kazi gani, utaihitaji siku moja hata kama sasa unaenda kushona. Kiinua mgongo cha kisheria, ile mishahara ya siku 7 kwa kila mwaka, ni cha anayeachishwa na mwajiri, wewe umeacha mwenyewe kwahiyo wakikupa ni zawadi, washukuru kama zawadi, wasipokupa usinune. Na kama kuna ubishi kwenye mshahara au likizo kuna CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, nenda uwaulize.

Nakwambia hivi kwasababu barua ya shukrani ikitangulia hela inasomeka kama unajikomba ulipwe, na ikija baada ya hela inasomeka kama ilivyo. Na chonde chonde usiandike humo "siwadai chochote" kama bado hujalipwa, maneno matamu ya kuaga yanaweza kuja kushikwa kama ushahidi.

Nimejaribu kuipanga barua yako kwa maneno yako mwenyewe, mengi yalikuwa mazuri nimeyahamisha tu. Ibadilishe isikike kama wewe:

Baba na mama, shikamooni.

Nawaaga. Nimefanya kazi kwenu miaka 6 na tumeishi vizuri, sikutaka niondoke bila kuwaandikia maana kwa mdomo ningelia.

Baba, mama yangu alipofariki uliamka saa nane usiku ukanipeleka Mbezi stendi, ukakaa na mimi mpaka gari likaondoka. Hukuongea sana ila hukuniacha peke yangu. Siku ile ntaikumbuka maisha yangu yote. Asante.

Mama, Jumamosi zile za cherehani ulikuwa unarudi umechoka unaingia jikoni mimi niende kwa fundi. Mwaka mzima hujawahi kuniambia leo usiende. Nikifungua kibanda changu Singida, nguo ya kwanza ntakayoshona ntakutumia picha, na ukinitumia vipimo ntakushonea gauni, hiyo kutoka kwangu.

Mdogo nilimpokea ana miezi 3, hatua ya kwanza aliianzia pale mlango wa jikoni tulikuwa wawili. Mkubwa alikuwa hajui kusoma sa hivi ananisomea mimi meseji. Kwenye hao watoto kuna kazi yangu na najivunia. Mambo yao na ya jikoni nimeyaandika kwenye ile karatasi nyingine, dada atakayekuja mumuoneshe.

Ile siku niliyochelewa kumchukua mkubwa shule bado inaniuma, samahanini kwa hilo.

Mimi nimewawia radhi, na nyie mniwie radhi. Mkipita Singida karibuni kwangu.

Halafu jina lako fulu, la kwanza na la ukoo. Kwenye zote mbili umesaini "dada", na nina wasiwasi miaka 6 kuna watu mle ndani hawalijui jina lako la pili.

Umeona hilo gauni nimeliweka badala ya mstari wako wa barua ya kwanza, wewe ulikuwa umeandika "sina cha kuwalipa". Unacho bwana, una cherehani mbili! Na hapo kwa mama utaona nimeacha sentensi ya "hujawahi kuniambia leo usiende", nimeiacha makusudi, kwa mtu mwenye mdomo ile siku asiyosema kitu ndio zawadi yenyewe, na yeye akisoma atajua umeona. "Karibuni kwangu" nayo usiitoe hata kama unajua hawatafika Singida, miaka 6 wewe ndio uliyekuwa unakaribishwa.

Iandike kwa mkono, sio wasapu, wasapu inaforwadiwa na mashangazi wote kabla hujafika Morogoro. Usimpe mtu akuandikie kwa Kiswahili cha ofisini, ukimpa mtu utaletewa "kwa heshima na taadhima" na tutarudi tulipoanzia. Makosa ya herufi yaache. Wape jioni ya mwisho baada ya kula, vyombo vikishaoshwa, sio asubuhi watu wanakimbilia kazini, na sio kuiacha juu ya friji ikaokotwa baada ya siku tatu.

Na kwasababu kuna nyumba zina tabia ya kukagua begi la dada anayeondoka, na inauma hata kama huna kitu, panga begi lako mchana mama akiwepo, sebuleni, huku mnaongea, mkubwa akikusaidia kukunja. Likiwa limeshafungwa mbele ya macho ya watu, asubuhi hakuna wa kuanza kulifungua, na ile barua haitakutana na jambo baya.

Mdogo mwambie mwenyewe, mapema, wiki nzima kabla kama unaweza. Wengi wanashauri utoroke kalala au umwambie unaenda dukani, usifanye hivyo, atakusubiri kila geti likigongwa. Mwoneshe siku kwenye kalenda, mwambie dada anaenda kwao kushona nguo. Na umwachie kipande cha kitenge ulichoshona wewe, kiwe cha kwake.